Kifurushi cha bure kinachochungulia kila dakika 15: uzoefu wangu na maagizo ya chakula cha mchana Dodoma

Dada yangu ana jiko Ilazo. Anapikia wafanyakazi wa ofisi, na wengi wako Mji wa Serikali kule Mtumba, hivyo chakula lazima kipande bodaboda mapema. Wateja wanajaza fomu ya Google asubuhi, mwisho wa kuagiza saa 5:00, majibu yanaingia Google Sheets, na kutoka hapo mtiririko wa kujiendesha unatuma meseji jikoni: nani, wapi, chakula gani, sahani ngapi. Mtiririko huo niliujenga mimi kwenye mojawapo ya vyombo vya kuunganisha programu bila kuandika kodi, kwenye kifurushi cha bure. Chombo chenyewe sitakitaja, kwa sababu ninayoyaeleza yanatokana na namna vichochezi vya kuchungulia vinavyofanya kazi, na utayakuta karibu kila mahali.

Kichochezi cha namna hii hakipewi taarifa agizo linapoingia. Chenyewe ndicho huenda kwenye jedwali kila baada ya muda fulani na kuuliza kama kuna kipya. Kwenye Zapier na Make, vyombo viwili vya aina hii, vifurushi vya bure vinachungulia kila dakika 15. Ukilipia, Zapier inashuka hadi dakika 2 au 1 kutegemea kifurushi, na Make inaweza kushuka hadi dakika 1. Malipo ni kwa dola, kila mwezi, na kwa jiko linalouza wali maharage na ugali wa mlenda, dola za kila mwezi ni jambo la kufikiria mara mbili.

Dakika 15 zinasikika kama kitu kidogo. Jikoni si kidogo. Chombo changu kilikuwa kinachungulia dakika ya 5, ya 20, ya 35 na ya 50 ya kila saa, kwa sababu saa yake ilianza kuhesabu tangu nilipokiwasha. Aliyeagiza saa 4:51 meseji yake ilifika saa 5:05, imeshikana na za wengine wote walioagiza katikati. Na saa 4:51 mpaka saa 5:00 ndipo watu wanapokumbuka kwamba dirisha linafungwa. Kwa hiyo mpishi alikaa kimya robo saa nzima, halafu simu ikalia mfululizo akiwa tayari ameshapima mchele. Nilikizima na kukiwasha upya kwa kuvizia dakika, ili mchungulio mmoja uangukie saa 5:01. Hilo lilisaidia kweli, na halina gharama.

Kabla sijaenda kwenye tatizo kubwa, kuna hesabu moja ambayo watu wengi hawaifanyi. Kuchungulia kila dakika 15 ni mara 96 kwa siku, mara 2,880 kwa siku 30. Make inakata salio kwa kila mchungulio hata usipokuta kitu, na kifurushi chake cha bure kina salio 1,000 kwa mwezi. Zapier haikati mchungulio mtupu, lakini bure inakupa kazi 100 tu kwa mwezi. Chombo changu nacho kinakata kwa kila mchungulio, kwa hiyo kukiacha wazi usiku na mchana kungemaliza salio kabla mwezi haujafika nusu. Nilikipangia saa: Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana. Hapo ni michungulio 16 kwa siku, kama 352 kwa siku 22 za kazi. Maagizo 25 kwa siku, kila moja meseji moja, ni 550. Jumla 902. Inatosha, ila inatosha kwa kubana, na kila meseji iliyojirudia inakula humo humo.

Sasa kujirudia, kulikoanza kabla sijahamisha dakika za kuchungulia. Dada alinipigia simu: "Mdogo wangu, hawa wa Mtumba wameagiza mara mbili au ni simu yangu?" Nilifungua jedwali, agizo lilikuwa moja. Wali kuku, sahani mbili, limeingia saa 4:12. Meseji ya kwanza ilitoka saa 4:20, sawa kabisa. Ya pili, neno kwa neno, ilitoka saa 4:35. Jikoni zikaandaliwa sahani nne.

Kilichotokea katikati ni hiki. Saa 4:31 mteja alilipa kwa simu, na binti anayeshughulikia malipo akaandika "LP" kwenye safu ya malipo, kama anavyotakiwa. Kichochezi kilichokuja na kiolezo cha chombo kilikuwa cha mstari mpya au uliobadilishwa. Chombo hakijui agizo ni nini. Kinajua mistari tu, na kila mstari kinaupa kitambulisho ambacho kinakihifadhi ili kisiushughulikie tena. Kwenye kichochezi cha aina hii, kitambulisho hicho kinategemea yaliyomo kwenye mstari. Herufi mbili zikiongezwa, mstari unakuwa na kitambulisho ambacho chombo hakijawahi kukiona, nacho kinauhesabu kuwa kitu kipya na kutuma meseji.

Ucheleweshaji ndio unaoficha chanzo. Kama meseji ya pili ingetoka pale pale binti anapoandika "LP", angeng'amua mwenyewe. Lakini ilitoka dakika nne baadaye, na siku nyingine hutoka dakika 14 baadaye, akiwa ameshahamia mstari mwingine. Tena akibadilisha mstari mmoja mara tatu ndani ya robo saa, inatoka meseji moja tu, kwa sababu chombo kinaona hali ya mwisho na si kila hatua. Na "LP" ikiandikwa kabla ya mchungulio wa kwanza, hakuna kujirudia. Ndiyo maana mara nyingine agizo lilijirudia na mara nyingine halikujirudia, watu wakafanya kitu kile kile.

Njia niliyoitumia kutambua chanzo, na ambayo naipendekeza kwa kila mtu, ni kuangalia pengo kati ya meseji mbili zinazofanana. Pengo likiwa dakika 15, 30 au 45, chombo kimeusoma mstari upya kwa sababu umebadilika. Pengo likiwa sekunde chache, tafuta kwingine: huenda kuna nakala mbili za mtiririko zimewashwa pamoja, au huduma ya kutuma meseji ilichelewa kujibu, chombo kikadhani imeshindikana na kikajaribu tena, kumbe ya kwanza ilishaenda. Kwenye historia ya chombo, hilo la mwisho linaonekana kama jaribio lenye hitilafu likifuatiwa na lililofanikiwa.

Nilibadilisha kichochezi kiwe cha mstari mpya pekee. Kujirudia kwa sababu ya "LP" kuliisha. Likaja jipya, na kwangu hilo ni baya zaidi: agizo kupotea. Kwenye chombo hiki, kichochezi cha mstari mpya kinakumbuka nambari ya mstari wa mwisho kilioushughulikia. Tuseme kimefika mstari wa 40. Mteja mmoja akaghairi, binti akafuta mstari wake wote, yote iliyo chini ikapanda. Agizo linalofuata linaingia kwenye mstari wa 40, ambao chombo kinaamini kimeshaushughulikia. Hakuna meseji wala hitilafu kwenye historia, na mtu yuko Mtumba anasubiri chakula chake saa 7 mchana. Kupanga jedwali upya kwa maeneo, ili dereva wa bodaboda aone za Mtumba pamoja, kunaleta vurugu ya aina hiyo hiyo. Ukibaki na kichochezi hiki, weka sheria kwamba hakuna anayefuta wala kupanga upya karatasi inayopokea fomu. Anayeghairi aandikiwe "IMEGHAIRIWA", na kupanga kufanyike kwenye karatasi nyingine inayovuta data kutoka hiyo.

Kilichonitoa kabisa kwenye shida ni kuacha kuchungulia. Google Sheets ina Apps Script, haina malipo, na inaweza kuamshwa na fomu yenyewe inapotumwa. Kwenye menyu unaingia Extensions, kisha Apps Script, kisha Triggers, unachagua From spreadsheet na On form submit. Mtu akiandika "LP" kwa mkono haiamki, kwa kuwa hiyo si fomu kutumwa. Kodi yenyewe ni fupi:

```
const ANWANI = "WEKA_KIUNGO_HAPA";

function agizoJipya(e) {
  const kufuli = LockService.getScriptLock();
  kufuli.waitLock(10000);
  try {
    const alama = e.range.getSheet()
      .getRange(e.range.getRow(), 9);
    if (alama.getValue() === "IMETUMWA") return;
    UrlFetchApp.fetch(ANWANI, {
      method: "post",
      contentType: "application/json",
      payload: JSON.stringify(e.namedValues)
    });
    alama.setValue("IMETUMWA");
    SpreadsheetApp.flush();
  } finally {
    kufuli.releaseLock();
  }
}
```

`ANWANI` ni kiungo cha kupokelea ambacho chombo cha kuunganisha kinakupa, na kwenye menyu zao utakiona kwa jina la Webhooks. Uliza kabla hujahamia: Make inakiruhusu kwenye kifurushi cha bure, Zapier inakiweka kwenye vifurushi vya kulipia. Agizo linasukumwa kwenda kwa chombo sekunde ile ile, na salio halikatwi kwa kuchungulia patupu. Zile 352 za kila mwezi zimerudi kwangu.

Safu ya 9 ndiyo inayozuia kujirudia. Kichochezi cha Google nacho huweza kuamka mara mbili kwa fomu moja, na ndiyo sababu ya kufuli na ya alama ya "IMETUMWA". Nimeweka alama baada ya kutuma, kwa makusudi. Ukiiweka kabla ya kutuma na mtandao ukakatika katikati, jedwali litasema agizo limekwenda ilhali halijafika. Kwa mpangilio huu, `UrlFetchApp.fetch` ikishindwa kodi inasimama pale pale na kisanduku kinabaki kitupu. Google haijaribu tena yenyewe, hivyo saa 5:00 binti anapitisha macho kwenye safu ya 9, na mstari wowote mtupu anaupeleka jikoni kwa mdomo. Sahani iliyozidi inauzwa hapo hapo jikoni kwa anayepita, lakini mteja aliyekosa chakula kesho haagizi.

Imebaki tahadhari moja. Kwenye mipangilio ya fomu, zima Allow response editing. Ukiiacha, mteja anaweza kurudi na kubadilisha sahani mbili kuwa tano, jibu linaandikwa juu ya mstari ule ule wenye alama ya "IMETUMWA", na jikoni hawatajua. Sisi anayetaka kuongeza anajaza fomu upya, na linakuja kama agizo jingine lenye mstari wake.