Uzoefu wangu na chapa ya zamani ya sonata za Corelli: besi yenye namba, mkono wa kulia mtupu

Nimekuwa nikisindikiza violini kwa Opus 5 ya Arcangelo Corelli, sonata 12 zilizochapwa Roma mwaka 1700. Nakala za chapa hiyo zinapatikana bure kwenye tovuti ya IMSLP, na ndizo ninazozipitia hapa. Ukurasa una mistari miwili tu: violini juu, besi chini. Mpiga kinanda anapewa besi na vinamba vidogo. Mkono wa kulia haukuandikiwa noti hata moja. Kwa sisi tuliozoea kukuta sauti zote nne zimeandikwa, mwanzoni unahisi karatasi nyingine imesahaulika kwa mchapaji.

Namba hizo ni rahisi kuliko zinavyoonekana. Unahesabu kupanda kutoka noti ya besi, besi yenyewe ikiwa moja, ukifuata noti za ufunguo uliopo. Besi isiyo na namba hupewa ya tatu na ya tano. Ukiona 6, piga ya tatu na ya sita, uiache ya tano. Ukiona 6 juu ya 5, piga ya tatu, ya tano na ya sita.

Chukua besi hii niliyoitunga kwa mfano, ufunguo wa G:

```
Besi:   G   F#   G   C    D      G
Namba:      6        6
                     5    4  3
```

G ya kwanza haina namba, kwa hiyo mkono wa kulia unapiga B, D, G, kutoka chini kwenda juu. Inafuata F shapu yenye 6. Ya tatu ni A, ya sita ni D. Piga A, D, A. Hapa ndipo wengi huharibu: G ya juu inateremka nayo kwenda F shapu, ikiifuata besi hatua kwa hatua. Utaijua kwa sikio, maana ghafla sauti moja ni kama imetoweka, kordi imepwaya. Besi ikishuka, peleka sauti ya juu kinyume chake. Isitoshe, F shapu inavutwa sana kurudi G, na mmoja wa kuipiga anatosha.

Tukirudi G, mkono unarudi B, D, G. Kisha C yenye 6 na 5: ya tatu ni E, ya tano G, ya sita A. Acha G ya juu palepale, shusha B iwe A, pandisha D iwe E. Hiyo G inagombana na A, na ugomvi huo ndio utamu wenyewe. Besi inapofika D, namba 4 inakwambia uendelee kuishika G ileile, huku E ikishuka kwenda D, A inabaki. Halafu 3: G inateremka kwenda F shapu, sauti nyingine hazitikisiki. Kumbe 4 na 3 zilizoandikwa ubavu kwa ubavu ni safari ya sauti moja ndani ya kordi. Malizia B, D, G.

Kinachosumbua kwenye chapa hizi ni alama. Shapu ikisimama peke yake mahali pa namba, inahusu ya tatu: E yenye shapu inataka G shapu. Na chapa za enzi hizo mara nyingi hutumia flati kufuta shapu, kazi ambayo leo tunaipa naturali. Kwa hiyo E yenye flati huenda inaomba G ya kawaida tu. Ukipiga G flati utasikia kituko. Pia namba huachwa pale mwanamuziki wa wakati huo alipotarajiwa kujua mwenyewe, kwa hiyo jicho lisitoke kwenye mstari wa violini. Violini ikishika D juu ya besi F shapu isiyo na namba, weka 6 kwa penseli.

Niliwahi kununua pia toleo la kisasa ambalo mhariri amejaza mkono wa kulia kwa noti ndogo. Linasaidia siku ya haraka, lakini kordi zake ni nzito, na violini ikipiga kwa upole kwenye noti za chini inamezwa. Kwenye chapa ya zamani napunguza mwenyewe: sauti mbili badala ya tatu, au besi peke yake.

Nyota nne kati ya tano. Nyota iliyopungua ni ya maandishi: namba ni ndogo, na kwenye nakala hafifu 5 na 6 zinafanana. Chapisha kwa ukubwa wa A3. Anayeanza asikimbilie sehemu za kasi. Achukue zile za polepole, ambako kila namba inampa nafasi ya kuhesabu kabla ya besi kuhama.