Fundi wa Majengo anayesoma paneli za mashine za kufulia kwa picha: uzoefu wangu

Mashine za kufulia za mtumba kutoka Ujerumani ni imara, na umeme wake ni huuhuu wetu wa volti 230, ila maandishi yote ni ya Kijerumani. Fundi mmoja wa hapa Dodoma, upande wa Majengo, anasaidia bila kufika nyumbani. Unamtumia picha ya paneli kwa WhatsApp na shilingi 5,000, anairudisha ikiwa na namba kwenye kila kitufe na maelezo ya sauti. Anataka ufute vumbi kwanza na upige bila flashi, maana mwanga ukigonga plastiki maandishi madogo hayasomeki.

Shida yangu ilikuwa moja. Mashine ilifua, ikasuuza, kisha ikasimama na maji tele ndani, mlango haufunguki. Fundi mwingine aliyekuja kuiangalia alisema pampu imekufa, ninunue nyingine. Nikapiga picha ikiwa imekwama vilevile, nikaituma Majengo.

Jibu lilikuja na duara jekundu kwenye kitufe cha Spülstopp, taa yake ikiwaka. "Dada, usinunue pampu kwanza. Hicho kinaiambia mashine isimame na maji ya mwisho ya kusuuzia, ili nguo zisijikunje kama haupo kuzitoa. Geuza swichi kubwa hadi Abpumpen, bonyeza Start, halafu usikilize."

Abpumpen inatoa maji tu. Schleudern inatoa maji na kukamua. Alinieleza cha kusikiliza: pampu ikinguruma na maji yakatoka kwenye mpira, ni nzima. Ikinguruma maji yasitoke, tandika beseni ufungue kichujio kilicho chini kwa mbele, sarafu na vifungo vya mashati hunasa humo. Ikiwa kimya kabisa, hapo ndipo pampu au nyaya zake zipimwe. Yangu ilinguruma, maji yakabubujika bafuni, na baada ya muda mfupi mlango ukalegea wenyewe.

Mengine aliyataja haraka. Baumwolle ni ya pamba, nami shuka na taulo naziweka nyuzi 60. Pflegeleicht ni ya vitambaa vya tetroni kama sare za shule, na hapo pakia nusu ya pipa, la sivyo zinatoka na mikunjo. Namba zenye U/min ni kasi ya kukamua.

Kasoro niliyoiona ni kwamba droo ya sabuni hakuigusa mpaka nilipomtumia picha yake peke yake, na ingefaa aiombe tangu mwanzo. Sabuni ya unga inaingia kwenye II, na palipochorwa ua ni pa kilainisha nguo. I ni ya Vorwäsche, yaani kufua kwa awali nguo zilizochafuka sana. Ukimwaga sabuni yote humo bila kuchagua Vorwäsche, nguo zitafuliwa kwa maji matupu na utaikuta sabuni imeganda pale pale ulipoiweka.