WhatsApp au Google Maps kwa safari ya Dar hadi Mbeya?

Ukitaka watu wa nyumbani waone ulipo njiani, WhatsApp inakupa dakika 15, saa 1 au saa 8 za kuonekana, basi. Ukiwasha saa kumi na mbili asubuhi basi likiondoka Dar, saa nane mchana inazima, na Mbeya bado mbali. Itabidi uwashe upya. Tena ukituma kwenye grupu la ukoo, kila mwanagrupu anakuona, hata shemeji usiyeongea naye. Mtumie mama peke yake.

Google Maps unachagua mtu mmoja mmoja, na unaweza kuiacha wazi mpaka uizime mwenyewe. Hapo ndipo watu husahau: safari imekwisha, wiki ya pili bado unaonekana. Inaonyesha na chaji ya simu yako. Mimi kwa basi natumia hii, nikishuka nazima.