Termosi ya chuma ya lita 2 kwa yaurti ya usiku: uzoefu wangu Goma

Nilinunua termosi hii kwa sababu ya mdomo wake mpana: mkono unaingia hadi chini, kuosha si taabu. Usiku wa Goma una baridi, na sufuria iliyofungwa blanketi hupoa kabla maziwa hayajaganda. Termosi inashika joto, lakini ukiijaza ikiwa baridi inakudanganya. Niliweka maziwa ya digrii 45. Baada ya robo saa kipimo kikasoma 40. Chuma cha ndani ndicho kilichoyanyonya joto. Sasa naijaza maji ya moto, nafunga dakika kumi, namwaga, kisha natia maziwa hapo hapo. Alfajiri nakuta 40 au 41. Ijae pia hadi karibu na kifuniko, maana ikiwa nusu hupoa upesi.

Maziwa yenyewe, lita 2 za Masisi, nayapandisha juu ya babula hadi yakaribie kuchemka, kisha napunguza makala na kuyaweka kati ya digrii 85 na 90 kwa dakika ishirini, nikikoroga. Kuua vijidudu ni nusu tu ya kazi. Moto huo hubadilisha protini za majimaji ya maziwa zikashikana na kasini, protini kuu ya maziwa, na ndiyo maana yaurti inakuwa nzito. (Kipimo chako kikisoma 95 hivi kwenye maji yanayochemka, usikitupe. Kwa mwinuko wa Goma, maji huchemka hapo.)

Halafu sufuria inaingia kwenye beseni la maji baridi hadi 45. Mbegu ni vijiko vinne vya mezani vya yaurti isiyo na sukari. Naikoroga kwanza katika kikombe kimoja cha maziwa hayo, isibaki mabonge. Ukiitia maziwa yakiwa juu ya 50, bakteria wengi hufa, na asubuhi unakuta maziwa matamu vilevile, majimaji. Yakiwa chini ya 35 huganda polepole mno, na mara nyingine huvutika kama ute. Mashanza hayafai kuwa mbegu: bakteria wake wanapenda joto la chini kuliko hili.

Nafunga saa nne usiku, nafungua saa kumi na moja alfajiri. Saa saba zinatosha. Nikiacha hadi saa tatu asubuhi inakuwa kali na maji ya kijani-njano yanaelea juu. Usiitikise usiku kucha, hata kuangalia tu.

Kasoro zake ni mbili. Yaurti haitoki nzima, inavunjika ukiimimina, kwa hiyo anayetaka kuuza ya kuganda ndani ya vikopo atafute njia nyingine. Na mpira wa kifuniko hushika harufu ya chai: ukiutumia kwa vyote viwili, yaurti itanuka tangawizi. Mimi nimeuondolea chai kabisa, na kila mara nauchomoa na kuuchemsha peke yake.