Uzoefu wangu na maski ya kuchanganua uso: rasta poa, maiki nusunusu, mkono bado kabisa

Nianze na jibu maana najua wengi mnakuja kutafuta hilo tu. Kama unabadili sura kwenye video na shida yako ni nywele zinazodondokea usoni, washa maski ya kuchanganua uso, ile inayoamua ni pikseli zipi zipokee uso mpya, uendelee na maisha, inafanya kazi vizuri mno. Kama shida ni maiki inasaidia ila sio peke yake. Kama shida ni mkono unaopita mbele ya uso, usiitegemee, na sababu yake sio kwamba setingi zako mbovu, nitaeleza chini.

Kazi yenyewe ilikuwa video ya dada mmoja mwimbaji wa taarabu. Vipande vya ukumbini vilichezwa na mdogo wake kwa sababu dada mwenyewe alikuwa na mimba kubwa na kusimama chini ya taa usiku kucha haikuwezekana, kwa hiyo makubaliano yakawa uso wa dada uwekwe juu ya mdogo mtu. Wote wawili walikubali kwa maandishi, na video ikitoka inaandikwa wazi kwamba baadhi ya sura zimewekwa kwa kompyuta. Hilo kwangu halina mjadala, sura ya mtu sio nguo ya mtumba ujichukulie tu.

Sasa mdogo mtu ana rasta nyembamba ndefu, anaimba maiki ikiwa karibu imguse mdomo, na kila baada ya ubeti anajifuta jasho kwa kiganja. Yaani balaa zote tatu ziko kwenye klipu moja.

Programu niliyotumia ni ya bure, ile ya aina ya kuchagua maski kwenye menyu: kuna `box`, kuna `occlusion`, kuna `region`. Ukiacha `box` peke yake inabandika mraba mzima wenye kingo laini, kwa hiyo chochote kilichopo ndani ya mraba kinachorwa upya na modeli ya kubadili sura. Modeli ya bure inayotumika sana inatoa uso wa pikseli 128 kwa 128, na kwa udogo huo modeli haijui maiki ni nini, inajua uso tu, matokeo yake kichwa cha maiki kinayeyuka kinakuwa kitu kama mdomo uliovimba, vidole vinageuka shavu, na rasta iliyokatiza paji la uso inabaki kivuli cha kahawia.

`region` ndiyo hiyo ya kuchanganua uso. Ndani yake kuna modeli ya BiSeNet (mtandao wa mwaka 2018, ulibuniwa uwe mwepesi) iliyofundishwa kwa picha za CelebAMask-HQ, ambazo ni picha 30,000 za watu maarufu, kila moja imechorewa kwa mikono ramani ya sehemu za uso. Inachukua uso uliokatwa, inaukuza hadi pikseli 512, halafu kila pikseli inaipa namba moja kati ya 19: ngozi, nyusi, macho, miwani, pua, midomo, masikio, shingo, nguo, nywele, kofia na kadhalika. Wewe unachagua namba za kubaki, nyingine zote zinatolewa na pale panaonekana picha ya asili.

Kwa rasta hapo nilifurahi kwa kweli. Nywele zina namba yake, 17, na kwenye zile picha za mafunzo nywele ziko kila mahali, za kila aina ya mkao, kwa hiyo modeli inazijua. Rasta ikidondoka kwenye jicho inakatwa vizuri, unaona jicho la dada pembeni na rasta ya mdogo mtu juu yake kama ilivyorekodiwa. Kasoro niliyoiona ni kwenye rasta moja moja iliyojitenga, nyembamba sana, mtu akiwa mbali na kamera. Hapo uso wenyewe kwenye video ni mdogo, kuukuza hadi 512 hakuongezi chochote ambacho hakikuwepo, na modeli inaamua tu kwamba ule mstari ni ngozi. Pia angalia mstari wa nywele kwenye paji: ngozi iliyobadilishwa inaishia pale nywele zinapoanza, na kama rangi za hao watu wawili zimetofautiana hata kidogo unapata ukanda wa rangi nyingine katikati ya rasta na rasta. Dawa yake ni kusawazisha rangi ya uso mpya na ule wa chini kabla ya kubandika, sio kuchezea maski.

Maiki sasa. Hizo namba 19 hazina maiki. Hazina mkono pia. Ukisoma orodha utasema basi si ni sawa tu, kitu kisichojulikana kitahesabiwa kuwa nyuma, namba 0, kitatolewa. Mimi pia ndivyo nilivyotarajia na kwa maiki nyeusi mara nyingi inakuwa hivyo kweli. Ila kuna jambo kuhusu hizo picha za mafunzo ambalo ndilo linaeleza kila kitu: waliozichora waliagizwa kwamba sehemu ya uso ikiwa imezibwa kidogo, wakisie umbo lake na kulichora lote, ile iliyofichika kabisa ndiyo waiache. Kwa hiyo modeli imefundishwa kukisia! Ikiona nusu ya mdomo juu ya maiki inajaza ile nusu nyingine palepale juu ya maiki, maana ndivyo walimu wake walivyofanya. Kwa mtu anayetafuta umbo la uso hiyo ni sifa nzuri, kwangu mimi ninayetaka kujua nini kiko MBELE ya uso ni kinyume kabisa cha ninachohitaji.

Na mkono ni mbaya zaidi kwa sababu mkono ni ngozi kweli. Rangi ileile, mwanga uleule, hamna namba ya mkono, modeli ifanye nini? Inaandika namba 1, ile ya ngozi. Kiganja kikipita shavuni chote kinahesabiwa uso, kinabadilishwa, na vidole vinapotea. Ukitaka kuhakikisha usiangalie video iliyokamilika, toa ramani yenyewe kwa rangi juu ya fremu: ukiona rangi ya ngozi imetoka shavuni ikapanda hadi kwenye vifundo vya vidole bila mpaka wowote, jua hapo hamna setingi itakayokuokoa.

Kuna kitu kingine kilichonishangaza nilipofungua msimbo wa programu. Ile maski ya `region` inachorwa BAADA ya sura kubadilishwa, sio kabla. Yaani kwanza modeli inayeyusha maiki kuwa mdomo, halafu ndiyo BiSeNet inaulizwa mdomo uko wapi, nayo kwa uaminifu wote inauonyesha ule mdomo uliotengenezwa. Mantiki ya waliotengeneza naielewa, wanataka maski ifuate umbo la uso mpya, na kwa rasta haina shida kubwa maana modeli ya kubadili sura nywele inazirudisha kiasi fulani. Kwa maiki inaharibu. Ndio maana nikaandika kipande changu kifupi ninachochanganua fremu ya asili kabla haijaguswa, nikakiunganisha na zile maski nyingine:

```python
keep = [1, 2, 3, 4, 5, 10, 11, 12, 13]
region = np.isin(labels, keep).astype("float32")
mask = np.minimum.reduce([box, xseg, region])
```

Namba hizo ni ngozi, nyusi mbili, macho mawili, pua, ndani ya mdomo na midomo miwili. Masikio, shingo, nguo, nywele na kofia nimeziacha nje. Mstari wa mwisho unachukua thamani ndogo kuliko zote kwa kila pikseli, maana yake maski yoyote moja ikisema toa, inatolewa. Hapo ndipo tofauti ya maiki ilipoonekana, hasa akiwa ameielekeza maiki pembeni kidogo.

Hiyo `xseg` hapo ni ile ya `occlusion`. Asili yake ni DeepFaceLab, programu nyingine ya kubadili sura, na imefundishwa kwa swali tofauti kabisa: haikugawii uso vipande, inasema tu hapa uso unaonekana, hapa umezibwa, na waliochora mafunzo yake walizungushia mikono na vitu vinavyoziba. Kwa hiyo vidole inaviona. Sio vyote, kidole kimoja kilicholala bapa shavuni bado inakikosa, ila kiganja kinachopita inakikata. Kwa rasta yenyewe ni dhaifu kuliko BiSeNet, inazikata kwa mapande mapana. Ukiziweka pamoja kila moja inaziba tundu la mwenzake, na muda wa kuchakata unaongezeka kidogo tu, sio wa kulalamikia.

Kilichobaki baada ya hapo ni kucheza kwa kingo. Kila fremu inahukumiwa peke yake bila kukumbuka iliyopita, kwa hiyo ukingo wa maiki unaruka fremu hadi fremu, na jicho la mtazamaji linanasa mruko kuliko linavyonasa kosa lililotulia. Nilipanua eneo linalotolewa kwa pikseli chache, nikachukua thamani ya kati ya fremu tano zinazofuatana, kisha ndio nikalainisha kingo. Fuata mpangilio huo. Ukilainisha kwanza unapata duara la ngozi linalong'aa kuzunguka maiki nyeusi, na kwenye taa za jukwaani linaonekana hata kwenye simu. Ila hiyo ya fremu tano ina bei yake, mkono ukipita kwa kasi maski inachelewa na unaona kivuli cha vidole kikibaki nyuma.

Na kuna fremu ambazo maski haina hatia hata kidogo: kiganja kikifunika jicho na pua pamoja, programu inapoteza alama za uso, uso mpya unapinda au unaruka pembeni. Watu wanahangaika kuongeza maski hapo, bure. Kwenye hizo niliacha uso wa mdogo mtu ulivyo, kiganja kimeziba sehemu kubwa na hakuna anayejua, na sekunde anapoinua na kushusha mkono nilizichora kwa mkono kwenye programu ya kuhariri, fremu moja moja, jioni nzima.

Ukiwa na usemi kwenye upigaji wa video wenyewe, mwambie anayekaimu ashike maiki usawa wa kidevu na ajifute jasho kwa leso nyeupe badala ya kiganja. Leso, maski zote mbili zinaikata bila kusita.