Uzoefu wangu wa kikoba: mzunguko mmoja, hisa 80, na mwenzetu aliyeondoka na mkopo

Nilijiunga na kikoba, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, kwa sababu moja tu: nilikuwa mgeni mjini na sikuwa na mtu wa kunidhamini. Benki ilitaka dhamana. Saccos ilitaka wadhamini wawili ambao ni wanachama, na mimi sikumjua hata mmoja. Kabla ya hapo nilikuwa nimeonja mikopo ya kwenye simu, ambayo haimtaki mdhamini wala hati, na nitaeleza ilivyonitendea. Sasa nimemaliza mzunguko mzima wa wiki 48, na fedha tuliyogawana nimeihesabu kwa mikono yangu.

Katika maelezo haya nitahesabu kwa hisa badala ya fedha. Kila kikundi hupanga thamani ya hisa yake, kwa hiyo nikisema 60 maana yake ni thamani ya hisa 60, na wewe weka kiasi cha kwenu.

Utaratibu wetu ni ule wa vikundi vingi vya aina hii, ambavyo mfumo wake ulianzia Maradi, Niger, mwaka 1991 kupitia shirika la CARE. Tulikuwa wanachama 22. Tulikutana kila wiki, na kila mtu alinunua hisa kuanzia 1 hadi 5, si zaidi. Kila hisa ni muhuri mmoja kwenye kitabu chako. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu ambao si viongozi. Mwisho wa kikao fedha inahesabiwa kwa sauti, na salio linatajwa ili kila mtu aondoke nalo kichwani. Kikao kinachofuata hakianzi mpaka mtu yeyote aulizwe, "Wiki iliyopita tuliacha ngapi?" Mwanzoni niliona ni kupoteza muda. Baadaye niligundua kwamba huo ndio ukaguzi wetu wote, maana wenzetu kadhaa hawajui kusoma, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kusahau salio.

Wiki za mwanzo nilinunua hisa moja moja, kisha mbili mbili. Nilipofikisha hisa 30 niliomba mkopo wa 60 ninunue cherehani iliyotumika. Kanuni iliruhusu kukopa hadi mara tatu ya hisa zako, yaani ningeweza kuchukua 90, lakini mwenyekiti alinivuta pembeni: "Mdogo wangu, chukua bei ya cherehani tu. Hiyo 30 ya ziada utaila, halafu utailipa." Nilichukua 60.

Riba yetu ilikuwa asilimia 5 kwa mwezi kwenye deni lililobaki. Mwezi wa kwanza nililipa 20 na riba 3, wa pili 20 na riba 2, wa tatu 20 na riba 1. Jumla ya riba ni 6. Uliza mapema kama kikundi chenu kinatoza riba kwenye deni lililobaki au kwenye mkopo wote hadi mwisho, kwa sababu kwa asilimia 5 ileile, mkopo uleule wa miezi mitatu ungenigharimu 9. Nimekutana na watu waliokaa kikundini miaka miwili bila kujua wanatozwa ipi kati ya hizo mbili.

Sasa linganisha na simu. Mkopo niliokuwa nikichukua ulikuwa wa siku 30, ada asilimia 10, na ada ilikatwa mwanzoni. Ukiomba 60 unaingiziwa 54, na siku ya 30 wanataka 60 yote. Hapo ndipo mtego ulipo: unalipa 6 kwa kutumia 54, kwa hiyo gharama halisi inazidi asilimia 11 kwa mwezi. Halafu cherehani hailipi 60 ndani ya siku 30. Nilichofanya, kama wanavyofanya wengi, ni kutafuta 60 kwa kuunga unga, kulipa, na siku hiyohiyo kukopa tena. Baada ya miezi mitatu nilikuwa nimetoa ada ya 18 na bado nilidaiwa 60. Siku moja nilichelewa. Kumbe wakati wa kujisajili nilikuwa nimeruhusu programu isome majina yote kwenye simu yangu. Walimpigia mteja wangu wakamwambia mimi ni mdaiwa sugu. Yule mteja hakurudi.

Kikobani hakuna aibu ya namna hiyo, lakini hasara ipo, na sisi ilitupata kwenye mgao.

Mwenzetu mmoja, aliyekuwa akinunua hisa nne kila wiki, alianza kununua moja, tena kwa kuruka wiki. Kisha akaacha kuhudhuria, akawa anatuma hisa kwa mkono wa mtu. Wiki ya 38 aliomba mkopo mpya wa wiki 12, na sehemu yake ilikwenda moja kwa moja kufuta mkopo wa zamani. Ishara zote tatu zilikuwa mezani, nasi tukapitisha, kwa sababu alikuwa mtu wa kuchekesha na wa siku nyingi. Wala hatukupiga hesabu rahisi kuliko zote: 38 na 12 ni 50, na mzunguko wetu ulikuwa unaisha wiki ya 48. Mkopo ulikuwa wa kurejeshwa wakati sanduku limeshagawanywa! Katiba yetu ilikataza kukopesha kwa muda unaovuka mwisho wa mzunguko, ila hakuna aliyeifungua.

Wiki ya 45 alihama chumba. Simu haikupatikana tena.

Siku ya mgao tulipiga hesabu hivi. Hisa zote zilizonunuliwa zilikuwa 1,600. Kama kila mkopo ungerudi na riba yake, pamoja na faini za wachelewaji, sanduku lingekuwa na 2,000, yaani kila hisa ingerudi ikiwa 1.25. Yeye alidaiwa 90, kwa hiyo tulikuta 1,910. Hata hivyo alikuwa na hisa zake 40, na hizo tukazifuta. Zikabaki hisa 1,560. Gawa 1,910 kwa 1,560, unapata karibu 1.224. Hisa zangu 80, ambazo zingenipa 100, zilinipa takriban 98.

Watu walikuwa wamejiandaa kwa msiba, na kumbe tumepoteza kidogo. Sababu ni kwamba hisa zake mwenyewe, kwa thamani ya 1.25, zilifunika 50 kati ya zile 90, na pengo halisi lilikuwa 40 lililogawanyika kwa hisa zote zilizobaki. Ndiyo maana mkopo wa mara tatu ya akiba unanitia hofu kuliko wa mara mbili: kadiri mkopo unavyoiacha akiba nyuma, ndivyo mkopaji anavyopungukiwa na cha kupoteza akiondoka. Alikuwa na wadhamini wawili pia, lakini udhamini wenyewe ulikuwa wa mdomo. Walipoulizwa kila mmoja alisema alidhani ni desturi tu. Sasa mdhamini anasaini, na hisa zake zinashikiliwa mpaka deni liishe. Kwa pengo lile, kila mmoja angetoa 20.

Kuna jambo jingine niliona siku hiyo, na hili nadhani wengi hawalioni kwa sababu halina mwizi. Mgao wetu hautofautishi hisa ya wiki ya kwanza na ya wiki ya 47. Mwanachama mmoja alikuwa akinunua kwa kusuasua mwaka mzima, kisha wiki nane za mwisho akaweka hisa tano tano. Hizo ni 40, na zilimrudishia karibu 49 ndani ya miezi miwili, ilhali hazikukopeshwa kwa mtu yeyote, zilikaa tu sandukuni. Faida aliyochukua ilitoka kwa sisi tuliolipa riba kuanzia mwanzo. Hakuvunja kanuni yoyote. Kwa hiyo tumeibadilisha kanuni: robo ya mwisho ya mzunguko, kikomo ni hisa mbili kwa wiki.

Hapo pia ndipo nilipoelewa faida inatoka wapi. Niliweka 80, nikapata 98, lakini nilikuwa nimelipa riba ya 6, kwa hiyo faida yangu halisi ni 12. Kikundi ambacho watu wanaogopa kukopa hakina faida ya kugawa, na kikundi kinachoahidi gawio kubwa kabla ya mtu kukopa muulize mwenyekiti fedha hiyo inatoka kwa nani. Kama jibu ni wanachama wapya, ondoka.

Mfuko wa jamii ulinisaidia mara moja nilipofiwa. Unakaa kwenye mfuko wake ndani ya sanduku, haulipiwi riba, na nilipewa siku ileile. Sina la kulalamika hapo.

Mzunguko wa pili ulipoanza, mweka hazina alipendekeza tuache sanduku na tutume michango kwenye namba yake ya simu, kwa kuwa fedha nyingi sandukuni siku za mwisho ni kuwaita wezi. Hofu yake ilikuwa ya kweli. Ila namba ni yake, neno la siri ni lake, na wale washika funguo watatu wangebaki na funguo za kufungulia hewa. Tulibishana kikao kizima. Mwisho tulikubaliana tufungue akaunti ya kikundi inayohitaji watu watatu kuidhinisha kabla fedha haijatoka, na kila kikao katibu anasoma salio la akaunti kwa sauti kama tulivyokuwa tukilisoma la sandukuni. Ilituchukua wiki kadhaa kukusanya muhtasari, saini na vitambulisho. Katika muda huo michango iliendelea kuingia sandukuni.

Mimi sasa nimejiunga na ile saccos iliyonikataa, kwa sababu kikoba hakiwezi kunipa mkopo wa miaka miwili. Huko mambo ni mengine: hisa zako hazirudi mwisho wa mwaka, na ukimdhamini mtu akiba yako inafungwa hadi amalize. Nimepata wadhamini wangu wawili, wote kutoka kikobani. Juzi mmoja wao ameniomba nami nimdhamini. Nimemwambia aje na kitabu chake cha hisa tukipitie pamoja, muhuri kwa muhuri, ndipo nimjibu.