Iafoni za waya zinazokwaruza ukitembea: tatizo liko wapi na linatibika vipi

Karibuni tena, wapenzi watazamaji. Leo mezani nina iafoni za waya jozi mbili, zote za bei ya chini, zote za ile aina yenye vipira laini vinavyoziba tundu la sikio. Hizi nyeusi waya wake ni wa mpira na unaning'inia moja kwa moja kwenda chini. Hizi nyingine waya wake umefumwa kwa uzi, na umekunjwa pale juu ili upite nyuma ya sikio kwanza. Besi na uzuri wa sauti tutaviacha leo. Nazipima kwa jambo moja ambalo mnaniuliza sana: ukiwa umekaa muziki unapiga safi, ukianza kutembea unasikia mkwaruzo, na waya ukigonga zipu ya jaketi unasikia "ndu!" ndani ya kichwa.

Wengi wakisikia hivyo wanadhani iafoni zimekufa, au tundu la simu limelegea. Kabla hujampelekea fundi, fanya hivi pamoja na mimi. Chomoa pini kwenye simu. Iache ining'inie, haijaunganishwa na kitu chochote. Sasa vaa iafoni zako na ukwaruze waya kwa ukucha, hapa usawa wa kifua. Unasikia? Hakuna umeme hata kidogo kwenye huo waya, lakini mkwaruzo uko palepale. Ukiusikia hivyo, jua kwamba simu yako ni nzima na iafoni zako ni nzima. Kama umesikia kimya, na kelele inarudi ukichomeka na kuizungusha pini, au upande mmoja unakatika na kurudi, hapo ndipo pana waya uliokatika ndani au tundu lenye uchafu, na hilo ni la fundi kweli.

Haya, mkwaruzo unafikaje sikioni bila umeme? Waya unaposuguana na shati unatetemeka. Mtetemo ule unapanda na waya mpaka kwenye kile kichwa cha iafoni, kichwa kinatikisa hewa iliyofungiwa ndani ya tundu la sikio, na wewe unasikia. Mliocheza simu ya vibiriti utotoni mnaijua kazi hii: uzi ukivutika sauti inapita, ukiushika kwa vidole inakufa. Jaribuni sasa hivi. Bana waya kwa vidole viwili, hapa chini kidogo ya sikio, halafu ukwaruze chini ya vidole. Kelele karibu yote imeisha. Shikeni jaribio hilo, maana dawa zote nitakazowaonyesha zinafanya kazi ya hivyo vidole viwili.

Na kwa nini vipira hivi vinazidisha? Ziba masikio yako kwa vidole, kisha ugune kwa mdomo uliofungwa. Umesikia sauti yako ilivyokuwa nzito? Tundu likizibwa, sauti nzito zinazofika mle kupitia mwili na mifupa hazina pa kutokea, zinajazana mbele ya kiwambo cha sikio. Ndiyo maana zile iafoni za zamani za plastiki ngumu, zisizo na kipira, hukwaruza kidogo sana. Lakini ukiwa nazo kwenye daladala kelele za njiani zinaingia zote, unaishia kuongeza sauti mpaka juu, na hapo unaumiza masikio. Mimi bado nachagua zenye kipira, na kelele ya waya naishughulikia.

Kuna mtu ataniambia kwamba waya za gitaa na maikrofoni nazo hupiga kelele zikikanyagwa, na hiyo ni ya umeme. Ni kweli, kwa sababu waya ule unabeba umeme mdogo mno unaokwenda kukuzwa kwenye amplifaya. Waya wa iafoni unapokea sauti ambayo imeshakuzwa. Kwa hiyo kubadilisha simu au kuchezea ekwalaiza hakutakusaidia.

Sasa tuzitibu hizi nyeusi, ndizo zinazosumbua zaidi. Nimevaa shati lenye kola ngumu, kamera isogee hapa mwone. Nikigeuza shingo, waya unaburuzika juu ya ukingo wa kola. Hapo ndipo kelele inapozaliwa, tena iko karibu na sikio. Nachukua klipu. Ikiwa iafoni zako hazikuja nayo, kibanio kidogo cha nguo kinatosha. Nabana waya kwenye shati, chini kidogo ya pale unapogawanyika kwenda masikio mawili. Kosa ambalo watu hufanya ni kubana waya ukiwa umevutika. Ukigeuka unavuta iafoni, na waya uliovutika unapitisha mtetemo vizuri zaidi. Acha ulegevu kiasi cha kuweza kutazama bega la kulia na la kushoto bila kuvutwa, lakini usiwe mrefu hadi ulale kwenye kola. Sasa nikikwaruza chini ya klipu, kimya. Nikikwaruza juu yake, kelele ipo. Klipu haitibu kinachogusa juu yake: ndevu, hereni, kamba ya begi.

Kwa hiyo hatua ya pili ni kuupitisha waya juu ya sikio na kuushusha nyuma yake. Ngozi ya sikio inaubana na kuumeza mtetemo. Iafoni zenye kichwa kilichonyooka kama hizi unazigeuza tu juu chini. Zile zenye kichwa kilichopinda mara nyingi hazikai mpaka uhamishe ya kushoto uitie kulia, na hapo pande za sauti zinabadilishana. Kwa taarabu au mahubiri hutajali, ila kwenye filamu gari litapita upande usio wake. Hiki kishanga kinachoteleza kwenye waya, ukikisogeza karibu na kidevu, kinazuia waya usichomoke nyuma ya sikio.

Jozi hii ya waya wa uzi imekunjwa tangu kiwandani ipite juu ya sikio, na kweli kelele ni ndogo zaidi. Lakini msivutiwe na ule uzi wenyewe. Ukikwaruza chini kwenye sweta, ufumaji wake unashika nyuzi za nguo na unatoa mchakacho mkubwa kuliko waya laini wa mpira. Kinachoziokoa ni njia ya waya. Waya wa mpira nao, ukishapata jasho na mafuta, unanata kwenye nguo na kuruka-ruka. Ufute kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, ukauke, utateleza.

Jambo moja haliishi: ukitembea huku umeushika waya mbali na nguo na bado unasikia "dum, dum", hizo ni hatua zako zinazopanda kwa mifupa. Klipu haizifikii.

Na kama unapiga simu na mwenzako analalamika mkwaruzo, hapo ni maikrofoni iliyo kwenye waya ndiyo inayosugua shati. Ibane klipu mahali ambapo maikrofoni inabaki hewani.

Ukienda dukani, omba kuzivaa bila kuchomeka, ukwaruze waya kwa ukucha, kisha zungusha waya juu ya sikio ukwaruze tena. Zikinyamaza mara ya pili, chukua. Kati ya hizi mbili, mtu wa kutembea sana achukue za waya wa uzi. Wa kukaa ofisini abaki na nyeusi na anunue klipu.